Shairi la Ukutani: Maji Gani, Mbu Gani?

Ubeti wa kwanza nilioandika kwa ajili ya ukuta wa zahanati haukuwa na kosa la mizani wala la vina. Kosa lake lilikuwa mbu.

Aliyeniomba kazi hiyo ni muuguzi wa zahanati moja ya bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Barazani kwao, mbele ya benchi wanapokaa kina mama wa kliniki ya watoto, kulikuwa na bango lililopauka kwa jua mpaka maandishi yakabaki kama kivuli. Alitaka mahali pake paandikwe shairi: beti fupifupi, nyingine za neti, nyingine za maji yaliyotuama, basi. Mimi huandika tenzi za harusi na za sherehe za shule, nikaona hii ni kazi ya jioni moja. Kesho yake nikampelekea ubeti wa maji:

*Makopo yaliyojaa*
*Nyasi zilizozagaa*
*Na takataka mitaa*
*Ni malaria nyumbani*

Akausoma, akacheka kidogo. "Kaka, huyu mbu wako anaishi wapi? Maana wa kwetu hapa hakai kwenye kopo."

Nilidhani ananitania. Mimi nimekua nikisikia hayo hayo: fyeka nyasi, fukia makopo, choma taka, utaepukana na malaria. Kila mtu ameyasikia. Kumbe maneno hayo yamechanganya mbu watatu wenye tabia tatu tofauti, na mshairi asiyewajua atatunga ubeti mtamu unaompeleka mtu na jembe lake mahali pasipo na adui.

Wa kwanza ni aedesi, yule mwenye madoa meupe miguuni na mgongoni. Huyu ndiye wa makopo, matairi mabovu, vifuu vya nazi na mitungi. Huuma mchana, na anacholeta ni homa ya dengue, kama ile iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Wa pili ni kuleksi, mbu wa maji machafu: shimo la choo, karo, mtaro wa maji ya kufulia. Huyu ndiye anayekuimbia sikioni usiku kucha, na mwambao wa Pwani ndiye mwenezaji mkubwa wa matende na mabusha. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga vipunje vyepesi vya plastiki juu ya maji ya mashimo ya vyoo, vikaelea vikafunika maji yote, na kuleksi akakosa pa kutagia. Ni kazi nzuri sana, ila haikuwa kazi ya malaria.

Mwenye malaria ni wa tatu, anofelesi, na huyo ana maringo. Hapendi uchafu. Anofelesi gambie, tunayemfahamu zaidi, hutaga kwenye maji ya mvua yaliyo safi, ya kina kifupi, yanayopigwa na jua, tena mara nyingi yale yaliyotuama juzi tu: alama ya tairi la trekta, unyayo wa ng'ombe, shimo la tofali nyuma ya nyumba. Ndugu yake, funestusi, hupenda maji ya kudumu yenye majani pembeni, kama vijito na mabwawa yasiyokauka. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameonyesha kwamba kwa Kilombero huyu funestusi, ingawa mara nyingi ndiye mchache mtegoni, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi.

Kwa hiyo ubeti wangu ulikuwa wa dengue kwa mistari yake ya juu, halafu mstari wa chini ukataja malaria. Nyasi zenyewe hazizalishi mbu hata mmoja. Mbu mzima anaweza kupumzika kwenye majani, lakini mayai yake yanataka maji. Mtu anaweza kufyeka uwanja mpaka ukang'aa na bado akawa na shimo la tofali hatua 30 kutoka dirishani.

Neno moja lililobadilisha ubeti

Muuguzi alinichukua tukaenda na beseni jeupe na kata. Nyuma ya shule kuna mashimo matatu yaliyochimbwa udongo wa tofali, na mvua ilikuwa imenyesha wiki iliyopita. Maji yalikuwa maangavu, unaona mpaka chini. Akachota taratibu, akiegemeza kata ukingoni ili maji ya juu ndiyo yaingie, akamimina beseni. Tukasubiri kidogo yatulie.

Vijidudu vikapanda juu. Vilikuwa vyembamba kama vipande vya uzi, vimelala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea. "Hao ndio," akasema. Wa kuleksi, alinieleza, huning'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji, maana anapumulia kwenye kimrija kilichoko mkiani. Anofelesi hana kimrija hicho, hivyo hulazimika kulala bapa. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, na hakihitaji hadubini. Watu wengi huviita viluwiluwi, jina ambalo wengine tumezoea kuwaita watoto wa chura, kwa hiyo bora useme viluwiluwi vya mbu usije ukaokoa mbu ukidhani unaokoa chura.

Niliporudi nyumbani nilijua neno ninalolitaka: *safi*. Mabango mengi husema "maji machafu yaliyotuama", na msomaji akiangalia dimbwi angavu nyuma ya nyumba anaona kwamba halimhusu. Nikatunga:

*Maji safi yatuama*
*Mbu hutaga salama*
*Wiki moja ikikoma*
*Wapya wamo majumbani*

Juu ya "wiki moja" tulibishana. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili au tatu, kiluwiluwi hujivua ngozi mara kadhaa akikua, halafu huwa buu mwenye umbo la mkato kwa siku mbili hivi kabla ya kuruka. Kwenye maji ya baridi safari hiyo huchukua wiki mbili au zaidi. Kwenye kidimbwi kifupi kinachochemka kwa jua la Kilombero inaweza kuisha kwa wiki moja hivi. "Wiki mbili zikikoma" nayo ina mizani nane, kwa hiyo shairi lingekubali lolote. Tukachagua muda mfupi kwa sababu mtu huutumia mstari huo kama kalenda: akiambiwa wiki mbili, atakwenda kuangalia shimo siku ya 13, na mbu wa kwanza watakuwa wamekwisha kuhama.

Kwa nini utenzi, na kwa nini -ni

Bango lina nafasi ndogo, na msomaji wake amesimama au amebeba mtoto anayelia. Shairi la tarbia lenye mizani 16 kila mstari halimfai, atapoteza mahali alipofika. Utenzi ndio saizi yake: mistari minne, mizani nane kila mmoja, mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja, na wa nne ukibeba kina cha bahari kinachorudi katika kila ubeti mpaka mwisho. Sikio likishausikia ubeti wa kwanza na wa pili, linaanza kulisubiri neno la mwisho la ubeti wa tatu. Kusubiri huko ndiko kunakomfanya mtu akumbuke.

Kina cha bahari nilichochagua ni *-ni*. Mwanzoni nilikichagua kwa uvivu, maana ni kina rahisi kuliko vyote. Baadaye ndipo nikaona faida yake: *-ni* katika Kiswahili hutaja mahali. Godoro likawa godoroni, dungu likawa dunguni. Kila ubeti ukimalizika kwa *-ni*, kila agizo linamalizikia kwenye mahali pa kulitekeleza. Mama haambiwi "jikinge na mbu", maneno yasiyo na anwani. Anaambiwa wapi.

Hesabu ya mizani nayo ina mtego wake, na mtego wenyewe ni mhusika mkuu. *Mbu* ni mizani mbili, siyo moja: m-bu. Mkazo wa neno unaangukia kwenye ile m, kwa hiyo inahesabiwa peke yake, kama ilivyo kwenye *nchi* na *nge*. Lakini kwenye *mbuzi*, mbu- ni mizani moja. *Mvua* ni mbili, *mpunga* ni tatu, *mkekani* ni nne. Asiyejali hayo ataandika mstari unaoonekana sawa kwenye karatasi, kisha kina mama wakiuimba wanakwama.

Nilijiwekea pia mwiko: hakuna inkisari. Kwenye diwani mshairi anaruhusiwa kulikata neno, akaandika *'siwe* badala ya *usiwe*, na msomaji anaelewa. Kwenye ukuta wa zahanati msomaji atadhani mchoraji amesahau herufi. Neno *chandarua*, kwa mfano, linakula mizani minne, nusu ya mstari. Nisingelikata. Nikaandika *neti*, neno ambalo watu wa hapa ndilo wanalolitumia siku zote, nikaacha *chandarua* kwenye kichwa cha bango ambako hakuna anayehesabu.

Neti kwanza

Muuguzi alitaka beti za neti zitangulie na ziwe nyingi kuliko za maji. Sababu yake ndiyo sehemu ya jambo hili ambayo mimi sikuwahi kuelezwa.

Mbu anayetoka majini hana malaria. Anaipata kwa mtu: anamuuma mgonjwa, anavuta vimelea pamoja na damu, kisha vimelea hivyo vinahitaji siku 10 hadi 14 ndani ya mwili wake kabla havijafika kwenye mate na kuwa tayari kuingia kwa mtu mwingine. Wakati huohuo mbu jike anataka damu kila baada ya siku mbili au tatu ili apate mayai. Ukipiga hesabu, kabla hajawa wa hatari itabidi aingie ndani ya nyumba za watu mara nne au tano na kutoka salama. Mbu wa malaria, kwa maneno mengine, ni mbu mzee. Neti yenye dawa inamkuta katika kila moja ya safari hizo. Akigusa mara ya kwanza akapona, kuna ya pili na ya tatu. Ndiyo maana neti za kijiji kizima humlinda hata yule asiye nayo, kwa sababu zinapunguza wazee. Shimo ukilifukia unapunguza vijana tu, na vijana wa mashimo mengine bado wanakuja.

Hapo mtu huuliza kuhusu usugu, na ana haki ya kuuliza. Dawa ya kundi la pairethroidi iliyotumika kwenye neti kwa miaka mingi imezoeleka na mbu wengi. Sasa zipo neti zenye dawa mbili. Katika majaribio yaliyofanyika Misungwi, mkoani Mwanza, baada ya miaka miwili maambukizi kwa watoto wa vijiji vilivyopewa neti moja ya aina hiyo yalikuwa karibu asilimia 26, wakati kwa waliopewa za kawaida yalikuwa karibu asilimia 46. Hilo halimo kwenye shairi, kwa sababu mama hachagui aina ya neti anayogawiwa. Anachochagua ni namna ya kuilalia.

*Usiku ukiingia*
*Mbu anakuvizia*
*Neti yote chomekea*
*Godoroni, mkekani*

Mstari wa nne mwanzoni ulikuwa "Pindo lote godoroni". Ukapendeza, lakini si kila mtu analala juu ya godoro, na anayelalia mkeka ana shida kubwa zaidi ya kuchomekea kuliko mwenye godoro. Nikakuta kwamba *godoroni* ni mizani nne na *mkekani* ni mizani nne. Mstari ukajitunga wenyewe. Neno *yote* nalo lina kazi: wengi huchomekea upande wanaoingilia na kuuacha wa ukutani ukining'inia.

Ubeti wa pili ni wa neti mpya, na umetokana na malalamiko ambayo muuguzi huyasikia kila baada ya mgao. Mtu analala ndani ya neti iliyotolewa kwenye mfuko jioni hiyohiyo. Usiku uso unawasha, macho yanachonyota, mtoto anapiga chafya. Asubuhi neti inakuwa uzio wa bustani ya mchicha. Kinachowasha ni dawa iliyo nyingi juu ya nyuzi, na tiba yake ni kuianika kwa siku moja, saa 24, kabla ya kuilalia. Ila iwe kivulini, kwa maana jua huiharibu dawa yenyewe.

*Neti mpya ianike*
*Ili harufu itoke*
*Siku nzima itundike*
*Kivulini, si juani*

Sehemu hiyo ya "si juani" ndiyo iliyoleta ubishi kwa wasomaji wa kwanza, maana tumelelewa kwamba nguo nzuri ni iliyokauka juani. Ndiyo sababu nikaiweka mwishoni kabisa, mahali ambapo sauti inatua.

Nilijaribu pia ubeti wa kufua, nikashindwa, na nauleta hapa kama kielelezo cha kina kinapomburuta mtunzi. Nilianza vizuri: "Kufua, tumia mche", yaani sabuni ya mche, halafu "Sabuni kali iache". Kufikia mstari wa tatu nikawa natafuta neno lolote linaloishia na *-che*, nikaandika "Tundu lishone, usiche". *Usiche* ni usiogope, Kiswahili cha wazee, na hakuna mtu anayeogopa kushona tundu. Neno limekuja kwa ajili ya kina tu. Nikaufuta ubeti mzima, na habari ya kufua muuguzi huisema kwa mdomo: sabuni ya mche, maji ya kawaida, uanike kivulini, na iwe mara moja kila miezi mitatu. Neti hizi hutengenezwa zihimili kufuliwa mara 20 hivi na kudumu miaka mitatu. Kila miezi mitatu ni mara 12 kwa miaka hiyo mitatu, bado una akiba. Anayeifua kila baada ya wiki mbili pamoja na mashuka atazimaliza zile 20 kabla ya mwaka kwisha.

Ubeti wa tatu wa neti hutauona kwenye bango la Dodoma. Hapa bondeni, mpunga ukianza kushika, familia nzima huhamia shambani kulinda, wengine kwa wiki, wengine kwa miezi, dhidi ya ndege na nguruwe pori. Wanalala kwenye madungu, vibanda vya juu vya miti na nyasi visivyo na kuta za maana, katikati ya maji. Neti inabaki nyumbani kitandani, imechomekewa vizuri, haina mtu ndani.

*Ukiulinda mpunga*
*Na ndege ukiwawinga*
*Neti nayo utafunga*
*Usiku huko dunguni*

Kina mama waliusikia ubeti huu wakacheka, na mmoja akasema neti ya duara haiingii dunguni, dari ni fupi. Ana haki. Ya pembe nne inafaa zaidi, kamba zake nne zifungwe kwenye nguzo, na ikiwa ndefu kuliko urefu wa dungu basi hiyo ziada ndiyo ya kuchomekea.

Ubeti uliokatwa

Kwenye maji nilikuwa na beti tatu. Mmoja ulikuwa huu, na naukiri kuwa niliupenda:

*Kwato zikiacha shimo*
*Na tairi zipitamo*
*Tia udongo uwemo*
*Maji yasikae ndani*

Hauna uongo. Unyayo wa ng'ombe uliojaa maji ni kitanda cha gambie. Lakini muuguzi aliniuliza swali moja: ng'ombe wangapi hupita hapa kwa siku? Shirika la Afya Duniani linapozungumzia kuwashambulia mbu majini linataja sharti la mazalia kuwa machache, yasiyohamahama, na yanayoonekana kwa urahisi. Kwato za ng'ombe msimu wa mvua si chache, zinahama kila siku, na nusu yake ziko ndani ya majani. Mtu anayeambiwa azifukie atazifukia siku mbili, atachoka, na ataiona zahanati kama watu wasiojua maisha. Halafu hata ubeti wa neti hatauamini.

Mashimo ya tofali yanatimiza sharti. Kwenye kitongoji kile unaweza kuyahesabu kwa vidole, hayaendi popote, na kila moja lina mwenyewe anayejulikana kwa jina. Nyumba imekwisha, tofali zimeisha, shimo limebaki.

*Shimo ulilolichimba*
*Ukishaijenga nyumba*
*Mbu asipate chumba*
*Fukia hadi kingoni*

Tulisisitiza *hadi kingoni* kwa sababu watu hufukia nusu. Shimo la mita moja lililofukiwa nusu linabadilika kuwa dimbwi la kina kifupi lenye jua zuri, yaani umemjengea mbu chumba bora kuliko kile cha kwanza.

Yapo maji ambayo shairi limeyanyamazia kwa makusudi. Majaruba ya mpunga ni maji yaliyotuama ekari kwa ekari, na hakuna mshairi mwenye akili timamu atakayemwambia mkulima wa Kilombero ayakaushe. Vijito vya funestusi navyo havifukiki. Kwa maji ya namna hiyo ipo dawa ya bakteria inayomuua kiluwiluwi akiila na isiyodhuru watu wala samaki, na kiwanda cha kuitengeneza kipo Kibaha. Lakini kuipuliza kwa kurudia kila baada ya muda ni kazi ya halmashauri, siyo ya mama mwenye kata na beseni. Kwake yeye jibu la jaruba ni ubeti wa dungu.

Kuujaribu ukuta

Kabla mchoraji hajapanda ngazi, tuliandika beti zote tano kwenye karatasi kubwa ya manila, tukaibandika kwa siku ya kliniki moja, kisha tukaigeuza. Muuguzi hakuwauliza kina mama kama wameipenda, maana kila mtu husema ameipenda. Aliwauliza: "Ukifika nyumbani leo utafanya nini?"

Karatasi nyingine tuliyokuwa tumeijaribu awali kwa kulinganisha, yenye ubeti wangu wa makopo, iliwafanya wengi wajibu kwamba watafagia. Hii ya pili ilileta majibu mengine. Mmoja alisema ataihamishia neti ya ziada shambani. Mwingine alitaja shimo la jirani yake kwa jina la jirani, mbele ya jirani, ikabidi tuingilie. Bibi mmoja alikuwa ameshika beti mbili kwa kichwa akaziimba, ila kwenye ubeti wa nne aliimba "maji machafu yatuama", mizani tisa, akajikwaa, akarudi nyuma mwenyewe akasema "safi". Kosa la mizani ndilo lililomrudisha. Hilo ni jambo ambalo bango la nathari lisingeweza kulifanya.

Mchoraji alifanya kazi siku moja na nusu. Herufi nyeusi juu ya rangi ya krimu, ubeti wa kwanza usawa wa macho ya mtu aliyekaa benchini, siyo aliyesimama, na picha ya shimo la tofali kando ya ubeti wa tano. Aliandika "Mbu hasipate chumba", tukamwomba aifute ile h, ukiangalia kwa karibu utaona alama yake mpaka leo.

Binamu yangu wa Dar es Salaam ameona picha ya ukuta huo kwenye simu, akataka kuunakili kwa ajili ya zahanati ya mtaani kwao. Nimemwambia beti mbili za kwanza azichukue, na ule wa maji safi pia. Dungu aliache. La tofali nalo halimfai sana, anakoishi watu wananunua bloku. Mbu wake wa malaria anapatikana mabondeni kwenye bustani za mboga, katikati ya matuta, ambako maji hukaa siku zote kwa ajili ya kumwagilia. Na angekuwa anaishi kaskazini mwa Kenya ningemwambia hata ubeti wangu wa makopo aufikirie upya, maana anofelesi mgeni aitwaye stefensi, aliyeonekana Jibuti mwaka 2012 na sasa amefika huko, yeye hutaga kwenye matangi na mapipa.

Nimempa mstari wa kuanzia tu: *Mifereji ya mchicha*. Mizani ni nane, nimeihesabu mara mbili kwa sababu ya ile m. Vina vingine viwili vya *-cha* anavitafuta mwenyewe, na nimemkataza *usicha*.